Kwa nini kuharisha kunarudi baada ya dawa?

“Mama alimeza antibiotiki za jipu la jino, akaharisha vibaya, akatibiwa hapa Malindi akapona. Mbona wiki tatu baadaye yamerudi yaleyale?”

Jibu linalosikika sana ni kwamba dawa ilikuwa hafifu au kijidudu kimeizoea, na kwa hiyo itafutwe kali zaidi. Ikiwa majibu ya maabara yameonyesha sumu ya bakteria aitwaye Clostridioides difficile, kwa kawaida sivyo ilivyo. Vankomisini, antibiotiki ya kumtibu, ambayo humezwa miligramu 125 mara nne kwa siku kwa siku 10, humuua vizuri bakteria huyo akiwa hai na anakua. Isichoweza kuua ni spora zake, yaani chembe zilizolala ndani ya gamba gumu, ambazo hubaki utumbo mpana zikingoja kama mbegu za magugu shambani baada ya palizi.

Kinachoziamsha ni nyongo. Ini hutoa chumvi za nyongo ambazo spora huzitambua na kuanza kuchipua, lakini katika utumbo wenye afya wapo bakteria wenyeji wanaozigeuza chumvi hizo kuwa za aina nyingine, ambayo humzuia adui asikue. Antibiotiki ya jino iliwaangamiza wenyeji hao, na vankomisini ikawamaliza waliosalia. Dawa inapokwisha, magugu yana mvua na hayana mshindani, na kwa hiyo kila dozi huweza kumwandaa mgonjwa kwa marudio yajayo. Ndiyo sababu fidaksomisini, antibiotiki nyingine inayowagusa wenyeji kwa uchache zaidi, hufuatiwa na marudio machache kuliko vankomisini.

Kwa anayerudiwa tena na tena, tiba ni kuwarudisha wenyeji wenyewe. Choo cha mtu mzima wa afya huchanganywa na maji ya chumvi, huchujwa, kisha hupitishwa kwa mpira hadi utumboni, au hutolewa kwa vidonge. Vankomisini husimamishwa kwanza, ama sivyo itawaua wageni pia. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa mara moja tu, ilhali waliopewa vankomisini peke yake walipona 4 kati ya 13. Idadi ni ndogo, ila tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisitishwa mapema.

Hatari nayo ipo: mwaka 2019 Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyepata bakteria sugu kutoka kwa choo cha mtoaji, kwa hiyo damu na choo cha mtoaji lazima vipimwe, na jambo hili halijaribiwi nyumbani.

Tena, mara nyingi kuharisha kunakofuata antibiotiki si ugonjwa huu, na hukoma dawa ikiachwa. Daktari hupima choo pale mtu anapoharisha mara tatu au zaidi kwa siku. Aliyekwisha kupona hapimwi, kwani kipimo chaweza kuendelea kumwonyesha bakteria huyo kwa wiki kadhaa. Anayemuuguza anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, maana spirti ya mikono haiziui spora.