Nani hukaza msuli uliolegea?

"Kocha wetu hapa Jinja anasema msuli ukilegea ni kamba tupu. Eti kinachokuzuia unapoinama kugusa vidole ni kano na ngozi tu. Kweli?"

Kano na ngozi zimo, lakini kocha kasahau mmoja. Maabarani, uzi mmoja wa msuli huvuliwa utando wake, hauna kano wala amri ya neva. Ukivutwa, bado unakaza.

Anayekaza ni titini, protini ndefu kuliko zote mwilini mwa binadamu. Msuli umepangwa kwa vipande vidogo viitwavyo sakomia, kila kimoja kama mikromita 2 hadi 3, na titini huanzia ukutani mwa kipande hadi katikati yake. Ukiinama, kwanza mikunjo yake hunyooka kwa urahisi. Ndiyo maana mwanzoni husikii kitu. Kisha sehemu yake nyororo huanza kuvutika, na hapo nyuma ya paja hukaza. Ukiachia, hujirudisha, na nyuzi za miosini, zile zinazovuta msuli unapojikaza, zinabaki katikati ya kipande, hazielemei upande mmoja.

Ukizidi kuvuta, kolajeni, protini ngumu inayozunguka nyuzi, hubeba mzigo mkubwa zaidi. Kwenye moyo, mvutano wa kawaida hutegemea zaidi titini.