Hela imerudi kutoka Niuyoki, na imepungua

Mfanyabiashara wa vipuri wa Kariakoo alinijia amenuna. Alikuwa amemtumia muuzaji wake wa Dubai dola 12,400. Siku ya tisa zikarudi dola 12,335. "Kaka, hao wa Niuyoki wamenila 65, na mzigo wangu bado uko kwenye ghala la watu."

Nimekaa dawati la malipo ya nje miaka mingi, na swali langu la kwanza ni lilelile: hela ilikwama wapi? Dola kutoka Dar hupitia benki ya katikati, mara nyingi Niuyoki, ndipo ifike Dubai. Ikikataliwa hurudi njia ileile. Kwa hiyo mteja akiona jina la benki ya katikati huilaumu, kumbe huenda aliyekataa ni benki ya Dubai. Hapo ndipo inapofaa UETR, namba ndefu ya herufi 36 ambayo kila malipo hubeba. Benki yako ikiifuatilia, itaona kituo cha mwisho na sababu ya kurudishwa.

Sababu ilikuwa AC01: namba ya akaunti si sahihi. Niliihesabu IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, aliyojaza kwenye fomu, zikatoka herufi na tarakimu 22. Ya Emirati huwa na 23: AE, tarakimu mbili za kuhakiki, tatu za benki, kisha 16 za akaunti. Mle katikati kulikuwa na sifuri tano mfululizo, yeye kaandika nne. Kwa kuwa Tanzania hatutumii IBAN, mfumo wa benki yake uliipokea tu kama maandishi.

Alikuwa ameacha pia nafasi ya maelezo ya malipo, mahali pa namba ya ankara. Safari hii siyo iliyorudisha hela, ila ingeweza kuleta maswali hukohuko Dubai, wanakotaka kujua malipo ni ya nini.

Zile 65 ni ada za njiani na za kurudisha. Hata mtumaji akichagua OUR, yaani gharama zote juu yake, hela inayorudi kwa kosa lake hukatwa vilevile. Lakini kilichomuuma zaidi hakukiona. Akaunti yake ni ya shilingi: benki ilimuuzia dola kwa bei ya kuuza, ziliporudi ikazinunua kwa bei ya kununua. Tofauti ikiwa shilingi 50 tu kwa dola, kwa dola 12,335 ni shilingi 616,750. Angekuwa na akaunti ya dola, zingemsubiri humo.

Nilimwambia asirudie kunakili kwa mkono. Alimwomba muuzaji IBAN kwa maandishi, akampigia kwa namba aliyokuwa nayo siku zote ili aithibitishe, maana matapeli nao hutuma "akaunti mpya". Jina akaliandika kama lilivyosajiliwa benki, si lile la kwenye kibao cha duka, na namba ya ankara akaijaza. Siku ya tatu muuzaji akamtumia picha ya mzigo ukipakiwa.