Bibi anapozidi kufupika

"Bibi amefupika, lakini si ndiyo uzee? Mwacheni apumzike."

Kufupika kidogo ni kawaida: diski zilizo kati ya pingili za mgongo hukauka, na sentimita moja kila miaka kumi baada ya 40 si ajabu. Lakini akiwa amepungua sentimita 4 au zaidi tangu ujana, huenda pingili imebonyea kimyakimya kwa udhaifu wa mifupa, apigwe eksirei. Kimo kilichopotea hakirudi. Kinachopunguzwa ni kasi.

Na hapo kupumzika ndiko kunakoharibu. Mfupa huimarika unapobebeshwa uzito: kutembea kwa haraka, kupanda ngazi, kuinuka kitini bila kushika. Kuogelea kunafaa moyo, ila majini uzito wake hubebwa na maji. Pingili ikishabonyea, asiiname kuinua ndoo.

Kwa chakula, bibi wa kilo 60 anahitaji protini gramu 60 hadi 72 kwa siku, na kalsiamu miligramu 1,200. Glasi ya maziwa ina takriban 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao huongeza nyingine. Chai ya rangi na mkate, mlo wa wazee wengi, haifiki popote. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kabla ya kuongeza protini.