Barua kwa mteja wa nje: Kiingereza ni lazima?

«Mteja akiwa nje ya Kongo, barua ni ya Kiingereza. Kiswahili ni cha kuongea tu.» Wengi hapa Goma wanaamini hivyo, na inaeleweka: barua nyingi za ofisi tumezoea kuziona kwa lugha za kigeni.

Lakini Kiswahili kina barua yake rasmi kamili. Tuseme mfanyabiashara wa Mwanza amebakiza dola 400 za maharage. Juu unaweka anwani zote mbili, tarehe na kumbukumbu namba. Kisha «Ndugu,» na chini yake «YAH: SALIO LA DOLA 400». Aya ya kwanza inataja deni, ya pili siku ya mwisho ya kulipa. Hakuna kinachopungua, na yeye anaielewa bila kuomba msaada wa mtu. Ukimpangia simu, andika «10:00, saa za Goma», kwa sababu Mwanza wako saa moja mbele yetu.

Kiingereza kina nafasi yake. Mkataba ukiwa umeandikwa kwa Kiingereza, dai linalotaja vifungu vyake liandikwe kwa lugha hiyohiyo, maana kutafsiri kifungu huzaa ubishi. Vivyo hivyo kama barua itapita kwa mhasibu wa Kampala asiyesoma Kiswahili.

Kabla ya kuandika, fungua barua au ankara ya mwisho aliyokutumia mteja uone lugha yake, kisha uangalie mkataba. Vikitofautiana, mwulize kwa simu nani ataisoma.