Wasifu Usomwe kwa Sauti, Kisha Asikilizwe Asiyekujua

Ninahariri maandishi hapa Tabora mjini, na wateja wangu wengi huniletea wasifu mfupi: ile aya moja ya maneno 80 hadi 120 ambayo mshereheshaji huisoma kabla ya mgeni kuitwa mbele, au ambayo huchapwa kwenye kipeperushi cha semina. Karibu kila anayeniletea huniomba nimwangalizie Kiswahili chake. Kiswahili mara nyingi huwa hakina shida. Shida huwa katika sentensi ambazo msikilizaji hazielewi, au hazisikii kabisa kwa sababu amechoka, au anazisikia na kumwona mwenye wasifu kuwa anajisifu. Makosa hayo matatu hayaonekani kwa urahisi kwenye karatasi, kwa hiyo mimi huyatafuta kwa sikio kwanza, kisha kwa mtu ambaye hamjui mwenye wasifu hata kwa sura.

Nitaeleza kwa kutumia wasifu wa mama mmoja mfugaji nyuki aliyealikwa kuzungumza kwenye mkutano wa wajasiriamali. Nimebadilisha tarakimu na mambo yanayoweza kumtambulisha, lakini sentensi zenyewe ni za aina ile ile aliyoniletea:

“Ni mjasiriamali mbobezi na mwenye maono makubwa ambaye amekuwa akijihusisha na shughuli za mnyororo wa thamani wa mazao ya nyuki kwa zaidi ya miaka 15 katika Mkoa wa Tabora. Amehudhuria mafunzo, semina na warsha mbalimbali ndani na nje ya mkoa. Alifundishwa kazi hiyo na baba yake, ambaye alikuwa mrina asali maarufu, na mwaka 2012 alianzisha kikundi ambacho kimekuwa mfano wa kuigwa. Amewajengea uwezo wanawake wengi na amepata tuzo mbalimbali. Ni mama wa watoto wanne na mpenda maendeleo.”

Hatua ya kwanza ni kuusoma kwa sauti, na hapa ninasisitiza kwamba asiusome mwandishi mwenyewe. Aliyeandika anajua sentensi inaelekea wapi, kwa hiyo pumzi yake huipanga mapema na makosa yote huyapita bila kuyagusa. Mimi humpa mtu mwingine ambaye hajawahi kuiona karatasi hiyo, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa siku ya shughuli: mshereheshaji atakabidhiwa karatasi dakika chache kabla na kuisoma papo hapo. Msomaji anaposoma, mimi ninakuwa na nakala yangu na penseli. Anapovuta pumzi mahali pasipo na kituo ninachora mkwaju, anaporudi nyuma kurekebisha neno ninalizungushia duara, na anapoongeza kasi ninapiga mstari chini ya maneno hayo. Mstari huo ndio ninaouthamini kuliko alama nyingine, kwa sababu msomaji hukimbia mahali panapochosha hata kabla hajajua kuwa pamemchosha.

Siku hiyo aliyesoma alikuwa kijana wa duka la kuchapa na kutoa nakala. Sentensi ya kwanza ina maneno 29 na haina hata mkato mmoja, kwa hiyo alivuta pumzi katikati ya “mnyororo wa thamani”, akalazimika kulikamata upya neno “thamani” kana kwamba linaanza sentensi nyingine. Sentensi ya mafunzo na semina aliipita kwa haraka na kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma masharti nyuma ya tiketi. Kwenye “mfano wa kuigwa” alipandisha sauti na kutabasamu kidogo. Niliandika pembeni tabasamu hilo pia.

Sauti peke yake hukuonyesha mahali penye kasoro, ila haikuambii kila mara ni kasoro gani. Hapo ndipo anapohitajika mtu asiyemjua mhusika. Ndugu na rafiki hawafai kwa kazi hii, hata wawe wakweli namna gani, kwa kuwa mapengo ya wasifu huyajaza kwa yale wanayoyajua tayari. Mume wa mama huyu asingegundua kwamba sentensi ya kwanza haitaji asali, maana nyumbani kwake asali imejaa ndoo. Pia mwenye wasifu asiwepo. Watu wetu wana adabu, na hakuna atakayemwambia mtu mzima usoni pake kwamba maneno yake yanachosha.

Kwa sababu hiyo hiyo ya adabu, swali la “Unauonaje?” halina faida yoyote. Jibu lake ni “Mzuri sana,” na mazungumzo yanakwisha. Mimi humsomea mtu mara moja kwa mwendo wa kawaida, naikunja karatasi na kuiweka mfukoni, kisha namwomba anisimulie mtu huyo ni nani, kama vile anamweleza jirani yake. Simfafanulii wala kumsahihisha anapokosea. Maelezo yoyote nitakayoyatoa kwa mdomo hayatakuwepo siku karatasi itakaposomwa, hivyo nikiyatoa nimeharibu jaribio.

Nilimsomea fundi cherehani mmoja mwenye umri mkubwa, ambaye hufanya kazi barazani si mbali na soko. Baada ya shikamoo na maelezo mafupi kwamba karatasi si yangu na mwenyewe hatamjua, alisikiliza mpaka mwisho huku mguu ukiwa umetulia juu ya kanyagio.

“Haya, mzee wangu, huyu mtu anafanya kazi gani?”

“Huyu ni wa serikalini, au wa mradi. Baba yake ndiye alikuwa mtu wa asali. Akaanzisha na kikundi.”

“Nani alianzisha kikundi?”

“Si huyo baba?”

Nilipouliza ni kitu gani kingine anachokikumbuka, alisema kwamba mama huyo ana watoto wanne. Kisha, bila kuulizwa, akatoa hili: “Eti mfano wa kuigwa. Nani anamuiga?”

Majibu hayo machache yalitosha, kwa sababu kila kosa lina namna yake ya kujitokeza katika usimulizi. Penye utata, mtu husimulia jambo lisilo sahihi tena kwa uhakika. Penye kuchosha, hasimulii kitu. Penye majivuno hukumbuka vizuri sana, lakini hulirudisha neno lile kwa “eti” au kwa swali la nani kasema.

Utata ulikuwa wa aina mbili. Neno “asali” lilikuwa limetajwa mara moja tu katika aya nzima, na lilikuwa limefungwa kwa baba. Kwa binti yalibaki “mazao ya nyuki” na “mnyororo wa thamani”, maneno ambayo fundi huyu huyasikia kwenye hotuba za viongozi, ndiyo maana akamweka mama wa watu serikalini. Aina ya pili ni ya kisarufi. Katika “alifundishwa na baba yake, ambaye alikuwa mrina asali maarufu, na mwaka 2012 alianzisha kikundi”, kiambishi cha “alianzisha” kinamfaa baba sawasawa na binti, na sikio humpa kitendo mtu aliyetajwa mwisho. Jicho linaweza kurudi nyuma kuthibitisha, lakini sikio halirudi. Katika wasifu wowote wa kusomwa, mzazi, mwalimu au mwajiri akishatajwa, sentensi ikatwe, na inayofuata ianze upya na mhusika mwenyewe.

Sehemu iliyochosha haikuhitaji ufundi mwingi. Sentensi ya semina na warsha haikuacha alama yoyote kwa fundi, na kijana wa duka alikuwa ameikimbia, kwa hiyo niliiondoa yote. Neno “mbalimbali” ni dalili ninayoiamini: linapotokea kwenye wasifu, kwa kawaida mwandishi ameficha jambo moja zuri nyuma ya mengi yasiyo na jina. Nilimrudia mteja nikamuuliza tuzo hizo ni zipi, nani alizitoa na kwa jambo gani. Ilibainika kwamba ni cheti kimoja cha ushiriki. Tulikiacha nje ya wasifu.

Majivuno yanahitaji uangalifu zaidi, maana watu hudhani dawa yake ni unyenyekevu. Wengine hufuta kila kitu mpaka wasifu unabaki na jina na kijiji, na hapo msikilizaji huuliza kwa nini mtu huyu aliitwa mbele, jambo ambalo ni kosa la wasifu vilevile. “Mbobezi”, “mwenye maono” na “mfano wa kuigwa” ni hukumu ambazo msikilizaji alipaswa kuzitoa mwenyewe, na amezikuta zimeshatolewa kwa niaba yake. Kwa hiyo nilimuuliza mteja: wanawake hao ulipowafundisha, ni kitu gani wanachokifanya leo ambacho hawakukifanya zamani? Alinijibu bila kusita kwamba zamani walikuwa wakikamulia pamoja masega yote, yale ambayo nyuki wameshayafunika kwa nta, yasiyofunikwa na hata yenye majana, yaani watoto wa nyuki, na asali ikachacha kabla ya kupata mnunuzi. Sasa wanayatenga wakiwa bado chini ya mti. Asali ambayo nyuki hawajaifunika bado ina maji mengi, na maji hayo ndiyo yanayoichachisha; hilo jambo mtu yeyote hulielewa likielezwa hivyo.

Wasifu mpya ukawa hivi:

“Hurina na kuuza asali ya misitu ya miombo ya Sikonge. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake. Mwaka 2012 yeye mwenyewe alianzisha kikundi cha wanawake, ambacho sasa kina wanachama 23. Amewafundisha kutenga masega yaliyoiva na yale yenye majana wakati wa kurina, ili asali yao isichache. Ana mizinga 60, na asali yake haijawahi kukataliwa na mnunuzi yeyote.”

Nilimjaribia mtu mwingine, kwani fundi alikuwa ameshamjua mhusika na hakuwa tena mgeni. Safari hii alikuwa dada anayeuza vitenge. Alisimulia kazi kwa usahihi, akakitaja kikundi na mwanzilishi wake, na jambo la masega alilieleza vizuri kuliko nilivyoliandika. Alikwama mahali pawili. Aliuliza kama mizinga 60 ni mingi au ni michache, na sentensi ya mwisho aliirudisha hivi: “Eti haijawahi kukataliwa.” Sentensi hiyo niliifuta papo hapo. Kuhusu mizinga sikufanya haraka, kwa sababu jibu la mtu mmoja linaweza kuwa ladha yake tu. Wasikilizaji wa mkutano ule wangekuwa na wafugaji nyuki miongoni mwao, ambao idadi ya mizinga kwao ina maana kamili. Kama wangekuwa maafisa nyuki watupu, hata “mazao ya nyuki” ningeyarudisha, na mtu wa kujaribia ningemtafuta katika fani hiyo hiyo. Nilimsomea mtu wa tatu, mwalimu mstaafu, naye akauliza swali lile lile la mizinga. Wawili wakikwama mahali pamoja, mimi huacha kubishana. Tukaandika kwamba mizinga hiyo 60 huitundika na kuikagua pamoja na binti zake wawili, na hapo idadi ikapata uzito bila kivumishi.

Yule dada wa vitenge, kabla sijaondoka, alikuwa ameniuliza asali hiyo inapatikana wapi. Wasifu haukusema. Tuliongeza sentensi fupi mwishoni yenye jina la soko na siku ambazo mama huyo huwepo, tukaisoma tena kwa sauti, na aya yote ikamalizika ndani ya dakika moja.