Kikundi cha wauguzi cha kuandika tafakuri: maandishi yakishasomwa, mwenzake aseme nini?

Vikundi vingi vya kuandika tafakuri havifi kwa kukosa cha kuandika. Vinakufa baada ya mtu kusoma, pale wenzake wanapofungua mdomo. Kwa hiyo hapa tutakaa zaidi kwenye namna ya kuitikia, tukichukua mfano wa wauguzi wa wodi moja.

Watu 6 wanatosha. Wakizidi 8, muda wa kusoma hauwafikii wote, na wa mwisho husoma mbio mbio wenzake wakiwa wameshachoka. Msimamizi wa wodi asiwemo, hata awe mpole kiasi gani, kwa sababu yeye ndiye anayejaza tathmini ya utendaji ya wenzake. Tengeni dakika 90: 10 za kukumbushana masharti, 15 za kuandika kwa mkono, 8 kwa kila msomaji (3 za kusoma, 5 za kuitikiwa), na zinazobaki ni za kufunga. Mmoja ashike saa, na kazi hiyo izunguke.

Swali la kuanzia liwe dogo. Ukiwaambia “andika kuhusu changamoto za kazi” utapata ripoti. Waambie: “Chagua dakika moja ya zamu za wiki hii ambayo bado inakurudia. Anza na mikono yako, ilikuwa inafanya nini?”

Kabla ya kalamu kugusa karatasi, masharti yasomwe kwa sauti, kila kikao. Jina la mgonjwa, namba ya kitanda, tarehe na ugonjwa usio wa kawaida haviandikwi, maana katika mji mdogo kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kumtambulisha mtu. Daftari halipigwi picha, na hakuna muhtasari wa kikao kwenye kundi la WhatsApp. Anayetaka kuandika bila kusoma aseme “napita”, wala asiulizwe sababu. Siri nayo ina mpaka, na mpaka huo utajwe mapema: maandishi yakionyesha kwamba mgonjwa yuko hatarini au mwandishi anafikiria kujidhuru, jambo hilo halibaki chumbani. Amueni tangu siku ya kwanza litapelekwa kwa nani.

Sasa tuseme mmoja anasoma hivi: “Nilikuwa nafunga kanula. Mama wa kitanda cha jirani akauliza, ‘Nesi, mbona hunijibu?’ Sikugeuka.”

Sisi tumelelewa kusema pole, na pole moja ni ya haki. Zikifuatana tano, mwandishi anageuka mfiwa anayepokea rambirambi, na maandishi yake hayaguswi tena. Halafu mwingine ataongeza, “Ungemwita mwenzako akusaidie.” Ushauri huo unaweza kuwa sahihi kabisa, lakini umeshamweka mwandishi kizimbani na sasa atajitetea. Wa tatu atasema, “Hata mimi yalinikuta,” na dakika zilizobaki zitakuwa zake.

Badala yake, kaeni kimya pumzi mbili tatu. Kisha kila mmoja ataje neno au picha moja iliyombakia: “Kwangu limebaki ‘sikugeuka’.” Baada ya hapo maswali, mawili tu, na yaelekezwe kwa “msimulizi” badala ya “wewe”: “Msimulizi alijua nini ambacho mama yule hakukijua?” Epukeni “kwa nini hukugeuka”, kwa sababu masikioni mwa muuguzi hilo linafanana na barua ya kujieleza. Mwandishi halazimiki kujibu. Anachofanya ni kurudi kwenye daftari na kuongeza sentensi moja, labda hii: “Majibu yake ya maabara yalikuwa mfukoni mwangu, na nilijua nikigeuka atayasoma usoni.” Hapo tafakuri imeanza. Lililoonekana kama kukosa adabu limegeuka kuwa hofu ya kutoa habari mbaya, na hilo ni jambo ambalo mtu anaweza kulifanyia kazi kabla ya zamu ijayo.

Mtajuaje kwamba kikundi kimeanza kuharibika? Sikilizeni “ni-” au “si-” ya mwandishi ikipotea. Mtu aliyekuwa akiandika “sikugeuka” anapoanza kuandika “mgonjwa alihudumiwa ipasavyo”, mara nyingi kuna neno lililovuja nje au kuna aliyehukumiwa. Simamisheni kuandika kikao hicho, mzungumzie masharti peke yake. Msimtafute mkosaji mbele za watu.

Jambo la mwisho ni dakika za kufunga. Kuandika yaliyouma kwa kawaida humwacha mtu na uzito muda mfupi baadaye, hata kama kutamsaidia siku za mbele. Kwa hiyo msipange kikao kabla tu ya zamu ya usiku. Funikeni madaftari, kila mmoja aseme kitu kimoja cha kawaida atakachofanya akitoka, na aliyesoma jambo zito zaidi asindikizwe na mwenzake mmoja hadi kituo cha basi, bila kulizungumzia tena jambo lile asipolianzisha mwenyewe.