Ankara ya makadirio: kabla hujapinga bili kubwa ya maji

Ankara ya makadirio ni bili ya maji ambayo uniti zake hazikusomwa kwenye dira, yaani mita, bali zimekisiwa kutokana na wastani wa matumizi ya miezi iliyotangulia. Msomaji wa dira anapokuta geti limefungwa, mbwa hajafungwa, au kisanduku cha dira kimefukiwa na mchanga, mwezi haupiti bila ankara. Mamlaka ya maji huandika kiasi inachodhani umetumia, na hesabu ya kweli hungojea siku dira itakaposomwa. Siku hiyo, tofauti yote iliyojilimbikiza huingia kwenye ankara moja. Ndipo mtu aliyezoea kulipia uniti 15 anapoletewa 47 na kuondoka nyumbani akiwa na hasira kuelekea ofisi ya maji.

Nyumba moja ninayoifahamu jijini Dar es Salaam ilipata ankara ya namna hiyo ya mwezi Juni. Ilionyesha kwamba usomaji uliopita ulikuwa 598 na wa sasa 645, tofauti uniti 47, na uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Familia ile haikuwa imeongeza mtu wala kuanza kuuza maji, kwa hiyo wazo la kwanza lilikuwa kwamba wameibiwa. Walichokifanya, na ambacho ningemshauri yeyote akifanye kabla ya kuandika malalamiko, ni kutoa ankara za nyuma na kuzipanga mezani. Ankara ya Machi ilikuwa imesomwa kwenye dira: 570. Ya Aprili ilikuwa 584 na ya Mei 598, zote mbili zikiwa na uniti 14 kamili. Nyumba yenye watu haitumii maji sawasawa miezi miwili mfululizo, na hata pale ambapo neno «makadirio» limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni au halikuandikwa kabisa, tarakimu zinazojirudia namna hiyo zinakushtua.

Kwa hiyo 47 haikuwa matumizi ya Juni peke yake. Ukitoa 570 kwenye 645 unapata uniti 75 kwa miezi mitatu, ambazo ni 25 kwa mwezi. Bado ni nyingi kuliko 15 za kawaida, lakini swali limeshabadilika: sasa kuna uniti 10 hivi za ziada kila mwezi zinazotakiwa kutafutiwa maelezo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuisoma dira yenyewe. Kwenye dira nyingi za majumbani, tarakimu nyeusi ndizo uniti zinazolipiwa, na zile nyekundu zinazofuata ni vipande vya uniti, ambavyo tarakimu tatu husomeka moja kwa moja kama lita. Ukikuta tarakimu nyeusi ziko chini ya usomaji wa sasa ulioandikwa kwenye ankara, basi msomaji alikosea, kwa mfano aliona 6 badala ya 0, na malalamiko yako yamekamilika kwa picha moja ya simu. Hapa haikuwa hivyo. Siku sita baada ya kusomwa, dira ilikuwa imefika 650, yaani uniti tano kwa siku sita, kasi inayolingana na 25 kwa mwezi. Kama kweli nyumba ingekuwa inatumia 47 kwa mwezi, siku hizo sita zingekula zaidi ya uniti tisa. Dira na hesabu ya miezi mitatu vilikubaliana, na shaka ya usomaji ikaondoka.

Zikabaki uniti 10 za ziada. Lita 10,000 ukizigawa kwa siku 30 ni kama lita 333 kwa siku, au lita 14 kila saa, usiku na mchana. Bomba linalotoa lita 14 kwa saa halimwagi kwa kishindo; ni mkondo mwembamba ambao mtu anaweza kuishi nao miezi bila kuuona. Saa nne usiku, tanki la juu likiwa limeshajaa na mabomba yote yamefungwa, walipiga picha ya dira: 650 na tarakimu nyekundu 812. Saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu yeyote hajanawa, ilisoma 650 na 909. Lita 97 zilipita wakati wote wamelala. (Jaribio hili lisifanywe tanki likiwa bado linajaa, maana utahesabu kujaa kwa tanki kama uvujaji.)

Kisha walifunga geti valvu iliyo chini ya mnara wa tanki. Kile kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota kwenye uso wa dira, ambacho huzunguka hata kwa maji kidogo sana, kilisimama. Kingeendelea kuzunguka, tatizo lingekuwa kwenye bomba lililofukiwa kati ya dira na valvu hiyo. Kwa kuwa kilisimama, lilikuwa kwenye tanki au ndani ya nyumba. Choo kilipimwa kwa unga wa juisi ya rangi uliotiwa kwenye tanki lake la kuvutia maji, na baada ya nusu saa rangi haikuonekana kwenye bakuli, hivyo raba yake ilikuwa nzima. Mkosaji alikuwa floti ya tanki la juu: ilikuwa imechoka, haifungi maji yakifika juu, na ziada ilitoka kwa bomba la kumwagia nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Migomba ile, nadhani, ndiyo pekee iliyofurahia ankara ya Juni.

Kuna wanaoanza kwa kudai dira ni mbovu. Inawezekana, hasa pale maji ya mgao yanaporudi na upepo ukatangulia kwenye bomba na kuizungusha dira, lakini dira ya zamani iliyochakaa mara nyingi husoma pungufu, si zaidi. Njia rahisi ya kupima ni kujaza madumu matano ya lita 20 kutoka bomba lililounganishwa moja kwa moja na dira. Ikisoma 103, tofauti inaweza kuwa ya madumu. Ikisoma 130, omba dira ipimwe. Nchini Tanzania uhakiki wa dira za maji ni kazi ya Wakala wa Vipimo.

Maji yanayovuja baada ya dira ni mzigo wa mteja, kwa hiyo familia ile haikuwa na haki ya kufutiwa uniti zile. Ilichokuwa nacho ni hoja nyingine: miezi miwili ya makadirio iliifanya ishindwe kuona uvujaji mapema, na kama bei ya uniti hupanda kwa ngazi, kutoza 47 kwa mwezi mmoja kunazisukuma kwenye ngazi ya juu, wakati 25 kwa kila mwezi zingebaki chini zaidi. Barua yao iliomba uniti 75 zigawanywe kwa miezi mitatu na deni lilipwe kwa awamu, ikiambatanishwa na ankara nne na picha za dira zenye tarehe. Mteja asiporidhika na jibu la mamlaka yake, anaweza kupeleka shauri hilo EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji Tanzania, lakini hatua ya kwanza huwa ni ofisi iliyotoa ankara.

Floti mpya ilifungwa siku iyo hiyo. Ankara ya Julai ilikuja na uniti 18, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imevuja wiki ya kwanza ya mwezi, na ya Agosti ikarudi 15.